Moduli Inapokubali Jibu Lisilo Sahihi

Gawanya 7 + 4i kwa 2 + i. Wanafunzi wawili wa kidato cha sita wamekaa dawati moja, kila mmoja na daftari lake. Wa kwanza amepata 3.6 + 0.2i, na jinsi alivyofutafuta inaonyesha kwamba hana raha na hizo desimali. Wa pili amepata 2 + 3i, kaliandika kwa kalamu ya wino na kulipigia mistari miwili chini. Karatasi ya mazoezi inaagiza kila jibu lihakikiwe kwa moduli. Wote wawili wamehakiki, na wote wawili wamekubaliwa. Sahihi ni lile lenye desimali.

Jambo hili huwatatiza hata wanafunzi wazuri. Wamefundishwa kwamba moduli ndiyo mlinzi wa mlangoni: jibu baya halipiti. Kwa sehemu kubwa ni kweli, na ndiyo maana inafaa kuujua vizuri ulinzi wenyewe, unakamata nini na unaachia nini. Karatasi ya namna hii huwa na mafungu matatu, yaani kuzidisha, konjugeti na kugawanya. Nitayapitia kwa mpangilio huohuo, ila sitakaa sawasawa kwenye kila fungu, kwa sababu ugumu haujagawanyika sawasawa.

Kwanza namba zenyewe. Namba changamano huandikwa a + bi. Hapo a na b ni namba za kawaida, na i ni namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata −1. Hakuna namba ya kawaida yenye tabia hiyo, kwa kuwa chanya mara chanya ni chanya na hasi mara hasi ni chanya pia. Mwitaliano Rafael Bombelli aliandika kanuni za kuzizidisha namba hizi kwenye kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1572, na kanuni hizo hazijabadilika. Unafungua mabano kama ulivyozoea, halafu kila unapokutana na i² unaweka −1.

Tufanye moja taratibu: (3 + 2i)(1 − 4i). Tatu mara moja ni 3. Tatu mara −4i ni −12i. 2i mara moja ni 2i. 2i mara −4i ni −8i², na kwa kuwa i² ni −1, hiyo −8i² inageuka kuwa +8. Kusanya: 3 na 8 ni 11, −12i na 2i ni −10i. Jibu ni 11 − 10i.

Sasa moduli. Chora grafu, na 3 + 2i iwe nukta iliyo hatua tatu kulia na hatua mbili juu. Moduli ni umbali wa nukta hiyo kutoka katikati ya grafu, na kwa kanuni ya Pithagorasi mraba wa umbali huo ni 9 + 4, yaani 13. Usikimbilie kutafuta kipeuo. Kipeuo cha 13 ni desimali isiyokwisha, itakuchelewesha na kukuletea makosa mapya. Kwa kuhakiki, mraba wa moduli unatosha kabisa. Kanuni ya kuhakiki ni fupi: mraba wa moduli wa jibu lazima uwe sawa na miraba ya moduli za namba mbili za mwanzo ikizidishwa pamoja. Kwa 3 + 2i tuna 13. Kwa 1 − 4i tuna 1 + 16, ambayo ni 17. Kumi na tatu mara kumi na saba ni 221. Jibu letu, 11 − 10i, linatoa 121 + 100. Ni 221.

Jaribu kuikosea hesabu hiyohiyo kama wanafunzi wanavyoikosea, uone kinachotokea. Anayesahau kwamba i² ni −1 na kuiacha kama +1 atapata 3 − 8, yaani −5, na jibu lake litakuwa −5 − 10i. Mraba wa moduli ni 25 + 100, yaani 125. Hakuna 221 hapo, kakamatwa. Anayezidisha mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma, bila kujali kwamba mabano yana kuta mbili za kuvuka, anaandika 3 − 8i. Hiyo ni 9 + 64, yaani 73, naye kakamatwa. Anayekosea alama katikati na kuandika −14i badala ya −10i atafika 121 + 196, yaani 317. Makosa matatu ya kawaida kabisa, na yote yamenaswa na hesabu isiyozidi mistari miwili. Ndiyo maana walimu huipenda.

Ila kwa nini kanuni hii iwe kweli? Jibu limo kwenye fungu la pili la karatasi, lile ambalo wanafunzi huliona jepesi mno wakalipita mbio.

Konjugeti ya namba changamano ni namba ileile yenye alama ya sehemu ya i iliyogeuzwa. Konjugeti ya 2 + i ni 2 − i. Ya 1 − 4i ni 1 + 4i. Kwenye grafu ni kama kukunja karatasi kwenye mstari wa ulalo, nukta ya juu ikaangukia chini yake. Ukizidisha namba kwa konjugeti yake, sehemu ya i hutoweka yote. (2 + i)(2 − i) ni 4 − 2i + 2i − i², yaani 4 + 1, yaani 5. Hiyo 5 ndiyo mraba wa moduli wa 2 + i, na haitokei hivyo kwa bahati. Mraba wa moduli ndio namba mara konjugeti yake, kila mara.

Jozi ya namna hii ilionekana kitabuni kabla hata i haijapewa alama. Mwaka 1545 Girolamo Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia, aliuliza namna ya kuigawa 10 katika mafungu mawili ambayo yakizidishwa yatoe 40. Kwa namba za kawaida haiwezekani, maana kikomo ni 5 mara 5, yaani 25. Cardano akaandika 5 jumlisha kipeuo cha −15, na 5 toa kipeuo cha −15. Ukizijumlisha unapata 10. Ukizizidisha unapata 25 toa −15, yaani 40. Yeye mwenyewe aliona ni ujanja usio na faida, lakini alichokuwa amekizidisha ni namba na konjugeti yake, na 40 yake ni mraba wa moduli.

Sasa tazama. Kati ya i na −i hakuna iliyo na haki kuliko nyingine, kwa kuwa zote mbili zikipigwa mraba hutoa −1. Kwa hiyo ukibadilisha kila i kuwa −i katika hesabu nzima ya kuzidisha, hesabu inabaki kweli. Jibu lake tu nalo linakuwa limebadilishwa i. Ndiyo kusema konjugeti ya zao ni zao la konjugeti. Tuseme namba zetu ni z na w. Mraba wa moduli wa zw ni zw mara konjugeti yake, yaani z na w zikizidishwa kwa konjugeti ya z na konjugeti ya w. Zipange upya: z na mwenzake huku, w na mwenzake kule. Umepata mraba wa moduli wa z mara mraba wa moduli wa w. Kwisha.

Ukiiandika kanuni hii bila i hata moja, ni habari ya jumla ya miraba, na ni ya kale sana. Namba mbili zilizo jumla za miraba miwili zikizidishwa, zao lake nalo ni jumla ya miraba miwili. Brahmagupta wa India aliiandika kwa upana zaidi mwaka 628. Kabla yake Diofantus wa Aleksandria, pale Misri, alikwisha kusema kwamba 65 inagawanyika katika miraba miwili kwa njia mbili, 64 na 1 au 49 na 16, kwa sababu 65 ni 13 mara 5, na hizo nazo kila moja ni jumla ya miraba miwili. Naomba uishike hiyo 65, kwa maana ndiyo iliyowaponza wanafunzi wetu wawili.

Tuje kwenye kugawanya. Tatizo la (7 + 4i) ÷ (2 + i) ni kwamba hatujui kugawa kwa kitu chenye i ndani. Tunachojua ni kugawa kwa namba ya kawaida. Basi tunaandika hesabu kama sehemu, 7 + 4i juu na 2 + i chini, kisha tunazidisha juu na chini kwa konjugeti ya asili, yaani 2 − i. Chini tunapata 5, kama tulivyoona. Juu tunazidisha (7 + 4i)(2 − i): 14, kisha −7i, kisha 8i, kisha −4i² ambayo ni +4. Jumla ni 18 + i. Gawa kwa 5, unapata 3.6 + 0.2i.

Hapa wengi husita. Karatasi imejaa namba nzima nzuri, iweje jibu liwe na desimali? Wanarudi mwanzo na kutafuta kosa ambalo halipo. Badala ya kukisia, hakiki. Katika kugawanya, mraba wa moduli wa jibu lazima uwe ule wa juu gawa kwa ule wa chini. Juu ni 49 + 16, yaani 65. Chini ni 5. Sitini na tano gawa kwa tano ni 13. Jibu letu linatoa 12.96 + 0.04. Ni 13 kamili, desimali na zote.

Makosa ya asili hunaswa hapa kirahisi. Anayeandika 4 − 1 badala ya 4 + 1 atagawa kwa 3 na kupata 6 na theluthi ya i, na mraba wa moduli utapanda hadi zaidi ya 36. Hakuna mjadala.

Neno moja kuhusu desimali zisizokwisha. Gawanya 4 + i kwa 3 + 2i: juu inatoka 14 − 5i, chini 13. Mraba wa moduli unaotakiwa ni 17 gawa kwa 13. Ukihakiki na sehemu ilivyo, 196 + 25 ni 221, na 221 gawa kwa 169 ni 17 gawa kwa 13 barabara. Lakini ukikadiria kwanza kuwa 1.08 − 0.38i, utapata 1.3108 wakati unatakiwa kupata kama 1.3077. Tofauti hiyo inatokana na kukadiria tu, haimaanishi umekosea, ila mwanafunzi mwenye haraka hawezi kuzitenganisha. Hakiki kabla ya kugeuza kuwa desimali.

Sasa yule wa pili, mwenye 2 + 3i. Alijua kwamba chini lazima itoke 5. Kanuni hiyo ameishika kwa moyo, hata haiandiki tena. Juu alizidisha, ila kwa kuwa hakuwa ameiandika konjugeti mahali popote, mkono wake ulichukua kile kilichokuwa mbele ya macho, 2 + i. Akapata 14 + 7i + 8i − 4, yaani 10 + 15i. Akagawa kwa 5. Angalia jinsi inavyogawanyika bila baki: 2 + 3i. Akahakiki: 4 + 9 ni 13. Akapiga mistari miwili.

“Mwalimu, mbona moduli imekubali?”

Imekubali kwa sababu 2 + i na 2 − i zina moduli moja. Kukunja karatasi hakubadilishi umbali wa nukta kutoka katikati. Aliyezidisha kwa konjugeti na aliyesahau konjugeti watapata juu namba mbili tofauti zenye moduli ileile, na hakuna hesabu ya moduli itakayowatenganisha. Moduli ni mizani: inakwambia gunia lina kilo ngapi, haikwambii ndani ni mahindi au maharage. Kwa bahati mbaya, kosa la kusahau konjugeti ndilo kosa lenyewe la fungu la tatu, lile ambalo karatasi ilitungwa kulizuia. Mlinzi tuliyemweka mlangoni halioni kosa tunalolihofia kuliko yote.

Upofu huu una ukubwa unaohesabika. Chukua tena 65 ya Diofantus. Kuzidisha (2 + 3i)(2 + i) kunatoa 1 + 8i. Kuzidisha (2 + 3i)(2 − i) kunatoa 7 + 4i. Miraba ya moduli ni 65 kote kuwili. Aliyenakili swali vibaya, akasoma jumlisha penye toa, atapita. Ongeza waliobadilishana 7 na 4, na waliokosea alama mbele ya moja au zote mbili, na wale wa 1 na 8 vivyo hivyo: namba changamano zenye sehemu nzima zilizo kwenye duara hilo moja ni 16. Moduli itazikubali zote, na sahihi ni moja.

Dawa ipo, tena fupi. Kwa kugawanya, rudisha: zidisha jibu lako kwa asili uone kama unapata kiasi. (3.6 + 0.2i)(2 + i) ni 7.2 + 3.6i + 0.4i − 0.2, yaani 7 + 4i. Ndiyo yenyewe. (2 + 3i)(2 + i) ni 1 + 8i. Siyo. Njia hii haina upofu wowote, na kasoro yake pekee ni kwamba ni hesabu nzima nyingine, yenye nafasi yake ya kukosea.

Mimi hupendelea mchoro wa haraka pembeni ya daftari. Kuzidisha namba changamano hujumlisha pembe zake na mstari wa ulalo, kugawanya hutoa. Namba 7 + 4i iko kwenye nyuzi karibu 30. Namba 2 + i iko kwenye nyuzi karibu 27. Ukigawanya, jibu linatakiwa kulala karibu na mstari, nyuzi kama 3 hivi, na 3.6 + 0.2i iko hapohapo. Jibu la 2 + 3i limesimama kwenye nyuzi 56, ambayo ni 30 na 27 zikijumlishwa kwa kukadiria. Kwa maneno mengine, yule kijana alijumlisha pembe ilipotakiwa kutoa. Huhitaji kikokotoo wala rula kuliona hilo. Penseli na jicho vinatosha. Moduli ikikagua urefu na mchoro ukakagua mwelekeo, makosa yanayopenya ni machache sana.

Kama unadhani haya ni mambo ya karatasi tu, muulize fundi umeme aliyesomea mikondo ya AC. Wao huandika j badala ya i, kwa sababu i tayari ni alama ya mkondo, lakini hesabu ni ileile. Tuchukue pampu ya maji kwenye umeme wa volti 230 na hezi 50, kama ule wa Tanzania. Waya wa mota una ukinzani wa omu 30, na koili zake, kwa sumaku inayojengeka na kubomoka, zinaongeza zuio la omu 40 la aina nyingine. Fundi anaziandika pamoja, 30 + 40j. Mkondo ni volti gawa kwa hiyo: 230 ÷ (30 + 40j).

Zidisha juu na chini kwa 30 − 40j. Chini ni 900 + 1600, yaani 2500. Juu ni 6900 − 9200j. Mkondo ni 2.76 − 3.68j. Moduli ya asili ni 50, na 230 gawa kwa 50 ni 4.6, jibu letu linatoa 7.6176 + 13.5424, yaani 21.16, ambayo ni 4.6 mara 4.6. Ukibana ampimita kwenye waya wa pampu utasoma ampea 4.6, kwa maana ampimita nayo husoma moduli tu.

Zile ampea 2.76 zinakwenda sambamba na volti, na ndizo zinazolipa kazi: 230 mara 2.76 ni wati 634.8. Zile 3.68 zenye alama ya kutoa zinachelewa robo ya mzunguko nyuma ya volti, zinakwenda kwenye koili na kurudi bila kufanya kazi yoyote, zikipasha waya moto tu njiani. Alama ya kutoa ndiyo inayomwambia fundi kwamba tatizo ni koili, na dawa ya koili ni kapasita, ambayo mkondo wake huwahi badala ya kuchelewa. Kapasita ya omu 62.5, ambayo kwa hezi 50 ni kama mikrofaradi 51, ikifungwa sambamba na pampu itavuta ampea 3.68 za upande wa pili na kuzifuta zile. Waya unaotoka kwenye mita utabeba ampea 2.76 badala ya 4.6, na pampu itasukuma maji yaleyale.

Fundi aliyesahau konjugeti atapata 2.76 + 3.68j. Moduli itamkubalia, na akibana ampimita itamkubalia pia, 4.6 kwa 4.6. Ataamini kwamba mzigo wake unawahi, atafunga koili ya omu 62.5 kuuchelewesha, na kumbe ulikuwa umechelewa tangu mwanzo. Mkondo halisi utakuwa 2.76 − 7.36j. Moduli yake ni karibu 7.86, na safari hii ampimita itamwonyesha kosa, ila koili itakuwa imeshanunuliwa.